Mrejesho: kamisheni ya wauzaji wetu Kampala

Niliuliza: "Kamisheni ni asilimia 3, na asilimia 5 kwa mauzo yanayozidi lengo la shilingi milioni 10. Mbona fomula yangu inalipa kupita kiasi?"

Asanteni sana, ndugu zangu. Kosa lilikuwa kwenye IF: lengo likivukwa, ilipiga asilimia 5 kwa mauzo yote. Muuzaji wa milioni 10 alipata 300,000, wa milioni 10.1 akapata 505,000! Anastahili 305,000. Sasa natumia hii, B2 ikiwa ni mauzo ya muuzaji:

```
=B2*3%+MAX(0,B2-10000000)*2%
```

Ziada inaongezewa asilimia 2 tu, kwani 3 imeshahesabiwa mwanzoni. Wa milioni 14 anapata 500,000, si 700,000. Walioshalipwa zaidi sitawakata. Kosa lilikuwa langu.