Hotspoti imeshika, laptopu haina neti, halafu naambiwa nimwite mwanangu!

MamaHesabu (mwanzisha uzi)

Wakuu, natetemeka. Hawa jamaa sina haja ya kuwataja, mnawajua, na nusu yenu mna laini yao mfukoni. Nimesubiri dakika 40 kwenye namba ya huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki wao mpaka naweza kuufundisha kwaya. Kijana anapokea, hata sijamaliza sentensi, ananiambia: "Mama, mwite mwanao akuwashie kompyuta."

MWITE MWANAO! Mimi niko kwenye laptopu kutwa nzima nafunga hesabu za watu!

Shida yenyewe ni hii. Simu ina neti tele, video zinacheza bila kukwama. Nikiwasha hotspoti, laptopu inashika vizuri, alama ya waifai imejaa, ila chini imeandikwa `No internet, secured`. Juzi ilikuwa inafanya kazi. Usiku simu ikajisasisha, asubuhi kimya. Nimezima nimewasha, nimeufuta mtandao kwenye laptopu nikauunga upya, wapi. Nina ripoti ya kutuma leo. Na huyo mwanangu anayetakiwa kuitwa, mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipanya!

kobe_wa_pwani

Mama punguza presha 😂 Kwani mwanao yuko mbali?

MamaHesabu

Wewe nawe usinianze.

Jirani77

Hiyo ni paswedi. Badilisha paswedi ya waifai, mimi jirani alikuwa ananiibia hivyo hivyo.

dogo_setingi

Mama, hiyo ni DNS. Nenda kwenye laptopu weka `8.8.8.8`, umemaliza. Hakuna kitu kingine hapo.

FundiMinara

Dogo, DNS inawezekana, lakini tusikisie. Mama, shikamoo. Fungua dirisha la amri kwenye laptopu, andika hivi, kisha utuambie kila mstari umejibu nini:

```
ipconfig
ping 8.8.8.8
ping google.com
```

Kwenye `ipconfig` tazama anwani ya laptopu na ile ya `Default Gateway`, ambayo ndiyo simu yako. Hiyo nayo ipigie ping.

MamaHesabu

Marahaba. Laptopu ni `192.168.43.117`, geti ni `192.168.43.1`. Simu inajibu mara zote nne, haraka. `8.8.8.8` inasema `Request timed out` mara nne. Ya google inasema haikupata hata jina.

Na yule kijana hakuniuliza hata moja kati ya haya. Yeye ni mwanao tu, mwanao tu.

FundiMinara

Basi laptopu yako ni nzima. Ingekuwa imeanza na `169.254` ningesema simu haikuipa anwani. Imepewa, na wanazungumza vizuri. Na DNS ndiyo mbaya pale tu namba inapojibu na jina likakataa. Kwako hata namba haifiki, kwa hiyo njia inakatika baada ya simu, upande wa mtandao. Una laini ya kampuni nyingine? Itie kwenye simu hiyo hiyo, uwashe hotspoti hiyo hiyo.

MamaHesabu

Nimeazima laini. LAPTOPU IMEPATA NETI SEKUNDE HIYO HIYO. Simu ile ile, laptopu ile ile! Nimwite mwanangu aje afanye nini? Aje aishangilie?

kobe_wa_pwani

Mama anataka damu leo 😂😂

FundiMinara

Sasa rudisha laini yako, uende kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, ufungue orodha ya APN. Ziko ngapi, na kila moja imeandikwa nini kwenye `APN type`?

MamaHesabu

Ziko mbili. Ninayotumia imeandikwa `default,supl`. Ya pili ni mpya, sikuwahi kuiona, imeandikwa `dun` peke yake, na haihaririki.

FundiMinara

Ndiyo hiyo, naona imeingia na yale masasisho. `default` ni mlango wa neti ya simu yenyewe. `dun` ni mlango wa vifaa vinavyonyonya neti kupitia simu. Simu ikiuona mlango wa pili, inaitoa laptopu kwa huko, na mtandao unatazama kama bando lako linaruhusiwa kugawa neti. Kama haliruhusiwi, mlango haufunguki. Ndiyo maana simu inapeta huku laptopu inakufa kiu.

Usiifute ya zamani. Tengeneza APN mpya, nakili kila kitu kutoka ile ya kwanza, halafu kwenye `APN type` andika `default,supl,dun`, bila nafasi baada ya mkato. Hifadhi, ichague, zima data na uwashe tena. Simu nyingine zimefungwa hazikubali kuongeza, jaribu tu.

dogo_setingi

Nilikuwa naelekea kusema hiyo hiyo. Ukiweka `dun` unakuwa huna kikomo tena, unagawa mpaka uchoke.

FundiMinara

Hapana dogo. Hiyo inabadilisha mlango tu, bando linabaki lile lile.

MamaHesabu

IMEKUBALI! `8.8.8.8` inajibu! Ripoti inapanda!

Dakika 40 za muziki, na dawa ni neno moja la herufi tatu. Halafu mwite mwanao.

Bi_Aifoni

Jamani na mimi mnisaidie. Kwangu hata hicho kitufe cha hotspoti kimepotea kabisa tangu nibadilishe laini.

FundiMinara

Dada, kwenye mipangilio ya data ya simu tafuta `Cellular Data Network`, shuka chini kabisa mpaka `Personal Hotspot`. Kama kisanduku cha APN hapo ni kitupu, andika ile ile APN ya data, kisha zima simu uwashe. Usipokiona kisanduku hicho, kampuni yako imekificha, wapigie.

Bi_Aifoni

Wapigie?? Nisikilize muziki wa Mama?

MamaHesabu

Wakuu nimerudi. Ripoti imefika nusu, sasa inatambaa. Simu nikiipima inatoa 30 Mbps, laptopu haifiki hata 1.

FundiMinara

Soma masharti ya bando lako, pale panaposema kiasi cha kugawa. Bando nyingi "zisizo na kikomo" hazina kikomo kwenye simu tu. Hotspoti ina fungu lake dogo, likiisha wanakubana.

dogo_setingi

Wanakujua kwa TTL. Pakiti ya simu inaondoka na 64, ya Windows inaondoka na 128, ikipita kwenye simu inapungua moja, mnara unaona 127 unajua hii si simu. Piga hii kama msimamizi:

```
netsh int ipv4 set glob defaultcurhoplimit=65
```

FundiMinara

Hapo dogo umesema kweli kuhusu namba. Lakini si kila kampuni inatazama TTL, na kama unapita IPv6 amri hiyo haiigusi. Na masharti yakikataza, wanaweza kuifunga laini. Mama, usiichezee na kazi ya leo mkononi. Malizia ripoti kwa laini uliyoazima.

MamaHesabu

Nahamia huko sasa hivi. Ila kesho nawapigia tena, nataka yule yule aliyesema nimwite mwanangu.

Jirani77

Kwa hiyo paswedi hamkubadilisha?

mzee_bando

Achaneni na hotspoti. Mimi bando langu limeisha saa tisa usiku, nimelala, simu iko kifudifudi mezani. Nani alikuwa anatazama video? Meza?

Bi_Aifoni

Langu pia! Wiki ya pili hii!

kobe_wa_pwani

Mzee fungua uzi wako, tunakufuata huko.