Nimeitwa kasuku mbele ya wageni, kisa saa nane

Intani_wa_Kaunta: Wakuu, naandika nikiwa nimejifungia chooni ghorofa ya pili, mikono inatetemeka. Yule mama mnamjua. Yule ambaye viatu vyake vinafika ofisini dakika tano kabla yake. Leo kaniita KASUKU. Mapokezi, wageni wamejaa kama teksi ya Old Park, mmoja ameshika mtoto, na mtoto akacheka!

Kisa chenyewe hiki. Jana Jumanne simu ya mezani inalia. Mbele yangu mzee anajaza daftari la wageni, kila mstari ananiuliza leo tarehe ngapi. Pembeni bodaboda ana kifurushi, anataka sahihi yangu kama anadai mahari. Napokea simu, mpigaji ananisalimu utadhani tumenyonya ziwa moja: habari za nyumbani, za mvua, za kazi. Halafu ghafla anamwaga mzigo wote: yuko Jinja, kesho anakuja kumwona madamu saa nane, anaomba apigiwe kuthibitisha. Nimeandika alivyosema, nimeipeleka karatasi mezani kwake kabla wino haujakauka.

Leo madamu katoka kwake Mukono jogoo hajawika, kapigana na foleni ya Bweyogerere na Kireka, saa mbili asubuhi kakaa na chupa ya chai na vikombe viwili. Akangoja. Akangoja mpaka chai ikawa ya jana. Mgeni kaingia saa nane mchana, anatabasamu. Madamu akashuka nami: "Hata kasuku angechukua ujumbe kuliko wewe, tena kasuku hadai nauli!" KASUKU, jamani. Mimi niliyebakiza muhula mmoja nipate digrii!

Muuza_Kelele: Nimecheka nikamwaga uji. Kasuku wa kaunta, fungua mlango wa choo, watu wana haja.

Kobe_wa_Ntinda: Pole, mdogo wangu. Ila hizi kampuni za simu ni wezi. Mimi pia laini yangu imekatwa wiki mbili sasa. Umeshawapigia huduma kwa wateja?

Muuza_Kelele: Kobe, soma uzi kwanza.

Nnyabo_wa_Mapokezi: Nimekaa kaunta miaka kumi na moja, Mbarara na Kampala. Mwanangu, swali moja kabla sijakuonea huruma. Kwenye karatasi uliandika nini HASA? Usiniambie alichosema. Niambie kilichoandikwa.

Intani_wa_Kaunta: Fomu ni ya Kiingereza, mama. Kwenye kisanduku cha saa nikaweka 8:00. Si ndiyo nane? Lakini mnaona mlivyoruka? Mtu kaitwa kasuku mbele ya MTOTO!

Nnyabo_wa_Mapokezi: Haya, hapo ndipo ulipoanguka. Mpigaji amehesabu kwa saa zetu, Kiswahili na Kiganda ni hesabu moja, ssaawa munaana ni baada ya chakula cha mchana. Kalamu yako ikahamia fomu ya Kiingereza bila kuvuka zile saa sita katikati. Nane ya mdomo ni 2:00 ya karatasi. Madamu kasoma 8:00 kama mtu yeyote angeisoma, akaamka usiku.

Na kumrudishia mtu neno lake, "umesema saa nane?", hakusaidii kitu. Atasema ndiyo, nawe utaandika kosa lilelile kwa kujiamini. Muulize kwa upande mwingine: "Saa nane mchana, tukishakula?" Hapo akiwa anamaanisha vingine atashtuka mwenyewe. Kisha andika 2:00 mchana, na usiandike "kesho", andika Jumatano. Karatasi ikilala mezani usiku mmoja, kesho yake inakuwa siku nyingine.

Afande_Mstaafu: Sisi jeshini tuliandika 1400, kwisha maneno. Intani wote wafundishwe hivyo.

Nnyabo_wa_Mapokezi: Kwenye karatasi ni sawa, afande. Ila mpigie mtu wa Jinja umwambie "karibu saa kumi na nne" uone atakuja lini.

Msomi_wa_Wandegeya: Mimi sielewi kitu kimoja. Kama mgeni aliomba apigiwe kuthibitisha, kwa nini madamu hakupiga? Hapo kosa ni lake, siyo la kasuku.

Intani_wa_Kaunta: ASANTE! Ila... alipiga. Namba haikwenda.

Nnyabo_wa_Mapokezi: Hesabu tarakimu.

Intani_wa_Kaunta: Tisa.

Msomi_wa_Wandegeya: Tisa ni sawa kabisa. Namba za Uganda zina tarakimu tisa baada ya +256.

Nnyabo_wa_Mapokezi: Tisa kama inaanza na 7. Intani, yako inaanza na nini?

Intani_wa_Kaunta: Sifuri.

Nnyabo_wa_Mapokezi: Basi imepungua moja, ilitakiwa kumi. Naapa alikutajia "dabo" fulani na wewe ukaandika moja.

Intani_wa_Kaunta: Dabo tatu. Umejuaje?

Nnyabo_wa_Mapokezi: Kwa sababu hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilimpoteza mtu wa zabuni kwa dabo sita. Namba uisome wewe kwa mpigaji, tarakimu moja moja, kwa mafungu ya tatu, kabla hajakata. Yeye akisema dabo, wewe sema "tatu, tatu". Inachukua muda mfupi kuliko zile salamu zake. Na yule mzee wa daftari, mtazame usoni, umwinulie mkono kidogo, atangoja. Hujamdharau. Ukimjibu tarehe huku unaandika namba, tarakimu inadondoka hapohapo.

Halafu kasuku hakuwa tusi baya hivyo. Kasuku angerudia neno kwa neno.

Muuza_Kelele: Kauawa mara ya pili, na mama yake!

Intani_wa_Kaunta: Mimi nilikuja kufarijiwa. Hata kama ni tarakimu moja, ndiyo niitwe ndege mbele za watu? Angeniita ofisini kwake akafunga mlango. MTOTO ALICHEKA.

Afande_Mstaafu: Hilo nakubaliana. Askari hagombezwi mbele ya kuruta.

Msomi_wa_Wandegeya: Mimi bado nasema lawama ni nusu kwa nusu. Mtu mzima akae toka saa mbili mpaka saa nane bila kwenda kaunta kuuliza "huyu mgeni alisemaje?"

Nnyabo_wa_Mapokezi: Hapo sikupingi.

Dada_wa_Bugolobi: Nyie wa mapokezi mna dhambi zenu. Nilipiga ofisi fulani, binti hakubonyeza kitufe cha kungojesha, kaweka mkonga mezani hivihivi. Nikasikia sauti ya bosi: "Mwambie sipo." Binti karudi: "Nnyabo, amesema hayupo."

Muuza_Kelele: "AMESEMA hayupo"! Huyo ndiye kasuku halisi!

Boda_wa_Kisenyi: Mimi ndiye niliyewaletea kifurushi, au mwenzangu. Kaunta zenu hizo tunasimama nusu saa kwa sahihi moja, huku dirishani namuona polisi anazunguka pikipiki yangu. Nani ananilipa hiyo nusu saa?

Kobe_wa_Ntinda: Kwani intani analipwa? Wa kwetu hawapewi hata nauli, chakula ni roleksi moja wanagawana wawili.

Boda_wa_Kisenyi: Roleksi siku hizi ina yai moja, nyanya ndiyo imejaa. Wizi mtupu.

Dada_wa_Bugolobi: Inategemea unanunua wapi. Njoo Bugolobi, jamaa anaweka mawili mbele ya macho yako.

Intani_wa_Kaunta: Wakuu, nimetoka chooni. Madamu ameacha karatasi kaunta, kaandika "nione saa 4". Hii ni saa nne gani?

Afande_Mstaafu: Yai moja lakini chapati mbili, hiyo ndiyo ya wanaume.

Intani_wa_Kaunta: Jamani, saa nne gani?

Boda_wa_Kisenyi: Afande, chapati mbili bila kabichi?