Tupeane uzoefu: nani aliwahi kuandika wiki nzuri na wiki mbaya za mahusiano yake?

Mama Daftari
Wakuu, nimefunga miezi sita ya kuandika, wiki 26. Tulikuwa tunagombana sana na mume wangu, tukakaa chini, akaahidi kubadilika. Kila nilipojiuliza kama amebadilika, jibu lilifuata tulivyoamka siku hiyo. Nikaamua kuweka alama moja tu kila Jumapili jioni: N ikiwa nzuri, K kawaida, M mbaya.

Kabla ya kuanza niliandika nyuma ya jalada maana ya M: tumelala tumenuniana zaidi ya usiku mmoja, au kuna aliyetukana. Bila hivyo ningekuwa nabadilisha kipimo kila nikikasirika. Pembeni niliongeza mambo mawili: tumepatana baada ya siku ngapi, na kama alikuwa nyumbani au safarini.

Nusu ya kwanza, wiki 13, M zilikuwa 6. Nusu ya pili zikawa 3. Nilifurahi, nusura nimtangazie. Wenzangu mlifanyaje?

Kaka Mpole
Hongera dada. Ila miezi sita ya nini? Mimi niliandika wiki nne tu baada ya ugomvi mkubwa, zote N. Nikaacha, maana jibu lilishapatikana.

Bibi wa Zamu
Kaka Mpole, kuandika kila wiki ni sawa kabisa, hapo umepatia. Lakini ulianza kuhesabu mkiwa shimoni. Baada ya ugomvi mkubwa kila mtu hutembea kwa kunyata, anayeomba msamaha anaosha hadi vyombo visivyo vichafu. Wiki nne za hivyo hata wanaokaribia kuachana huzipata. Mimi nimeandika mara mbili katika maisha yangu, na mara zote M zilirudi wiki ya sita au ya saba. Ulipoacha ndipo palipokuwa mwanzo.

Mama Daftari, umeandika safari zake halafu hukuzitumia. Hesabu upya wiki mlizolala nyumba moja tu.

Mtoto wa Mwisho
Mimi pia naandika! Kila kosa la mwenzangu, tarehe na saa. Mwezi uliopita nilimsomea kurasa zote nne. Tangu siku hiyo hanisemeshi, ananijibu "sawa" tu. Nyie wenzenu walipokeaje?

Bibi wa Zamu
Mwanangu, hiyo ni hati ya mashtaka. Mama Daftari anaandika wiki, wewe unaandika mtu. Na wiki zile ulizokuwa wewe mkorofi umeziandika wapi?

Mtoto wa Mwisho
Sikuwaza hilo.

Mama Daftari
Bibi, nimehesabu upya nikaishiwa nguvu. Nusu ya kwanza hakusafiri kabisa: wiki 13 pamoja, M 6. Nusu ya pili alisafiri wiki 6, na zote nilizipa N. Kwa hiyo tulikaa pamoja wiki 7, M 3. Ni karibu nusu kule, karibu nusu huku. Niliyoyaita maendeleo yalikuwa begi lake mlangoni.

Fundi Hesabu
Usikate tamaa kwa wiki 7, ni chache mno. Wiki moja tu ikigeuka, picha nzima inageuka. Na wiki za kutengana usizipe N wala M, weka kistari. Siku za kupatana zinasemaje?

Mama Daftari
Zile M 6 za mwanzo: 5, 6, 4, 5, 6, 4. Hizi 3 za mwisho: 2, 1, 2. Na ya mwisho yeye ndiye aliyeanza. Aliingia jikoni, akasimama karibu na friji bila kufungua kitu, akasema, "Jana nilizidisha." Mwanzoni ilikuwa lazima nianze mimi.

Fundi Hesabu
Basi hapo kuna kitu. Mnagombana kwa wingi ule ule ila hamkai humo.

Bibi wa Zamu
Au safari zimemfundisha kumaliza haraka kabla hajaondoka. Angalia ya mwisho ilitokea akiwa na safari mbele au la.

Jirani Mkimya
Naomba niingize moja. Mimi niliandika miezi minane, N zikazidi M, nikajiambia tunapona. Lakini ndani ya zile M kulikuwa na kupigwa. Hakuna idadi ya N inayofuta hiyo. Daftari lilinichelewesha kuondoka, na kulificha tu kulikuwa hofu tosha.

Mama Daftari
Pole sana dada. Kwetu hakuna mkono, ni midomo tu. Bibi, nimeangalia: ya mwisho hakuwa na safari, zile mbili za kabla yake alikuwa nayo. Sijui niichukulieje. Hatasafiri tena miezi mitatu ijayo, naendelea kuandika.