Nimejibiwa "Sawa." yenye nukta, na lori bado limesimama Malaba

Karani_wa_Mpakani (Malaba)

Ndugu wana jukwaa, naandika haya mikono ikinitetemeka. Yule bwana wa ofisi ya Kampala, ambaye kila wakala wa forodha aliyewahi kupitisha mzigo hapa mpakani anamjua hata nisipomtaja, leo amenijibu neno moja tu, akalipigilia nukta, akaenda zake.

Asubuhi, saa 4:12, nilimwandikia hivi: "Habari za asubuhi ndugu yangu, natumaini umeamka salama na familia haijambo. Ule mzigo wa vigae kutoka Mombasa umefika. Ankara inasema kilo 27,400 lakini orodha ya mzigo inasema kilo 26,950. Tafadhali muulize mteja tutumie ipi kabla sijawasilisha tamko." Niliandika kwa heshima, nikamjulia hali kama tulivyolelewa, kisha nikasubiri huku dereva akinijia dirishani kila mara kuuliza kama tumepata jibu. Jua likapanda, likashuka, na saa 10:38 jioni simu ikalia. Nikairukia. Jibu lilikuwa: "Sawa."

Sawa, halafu nukta. Nukta ile ilikuwa kubwa kuliko gurudumu la lori lenyewe. Angeandika "sawa ndugu" ningelala usingizi. Angeandika hata "sawa" tupu, ningesema mtu ana kazi nyingi. Lakini mtu mzima, aliyekaa ofisini penye feni, anatafuta kitufe cha nukta, anakibonyeza, anautazama ujumbe ule na kuridhika nao! Nimemkosea nini? Madereva wote wa maegesho haya ni mashahidi kwamba sijawahi kumjibu hivyo binadamu yeyote. Sawa. Yaani "Sawa." Nimeusoma ujumbe huo mpaka kioo cha simu kimechoka.

Mama_Hesabu_Jinja

Pole sana kaka. Huyo bwana tunamjua. Mwaka jana alinijibu "Ndiyo." nilipomtumia salamu za Idi, nikashinda siku nzima nikijiuliza ni nani katika familia yetu aliyemdhulumu.

Kijana_wa_Ntinda

Mzee, mtu analia kwa ajili ya nukta? Huku Kampala tungekuwa tunalia kwa nukta, Ziwa Nalubaale lingefurika. Mpigie simu, muulize uzito, lori liondoke.

Karani_wa_Mpakani

Nilimpigia, kijana wangu, na simu haikupokelewa. Usidhani mimi ni mtu wa kuanza na malalamiko. Na nakuomba usinicheke, kwa sababu wewe hukuliona lile neno likiwa peke yake kwenye kioo, limefungwa kama kesi iliyokwisha kuamuliwa.

Dereva_wa_Tororo

Tatizo ni mtandao. Hapo Malaba simu hushika minara ya upande wa Kenya bila kukuambia, bando lako la Uganda linakufa, ujumbe unachelewa. Nenda kwenye mipangilio uchague mtandao mwenyewe. Mimi nilipoteza mzigo wa vitunguu kwa sababu hiyo hiyo.

Mama_Hesabu_Jinja

Ndugu yangu, ujumbe ulifika. Analalamikia namna alivyojibiwa.

Msomi_wa_Mbale

Karani ana haki, na jambo hili limethibitishwa kisayansi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba mtu akikujibu neno moja kwa simu na kuweka nukta, basi amekasirika. Jambo limekwisha, huyo bwana amekasirika.

Mwalimu_Mstaafu_Lira

Bwana Msomi, nimewahi kuusoma utafiti huo, na umeuchukua nusu. Ulikuwa wa Celia Klin na wenzake, na waliohojiwa walikuwa wanafunzi 126 wa chuo hicho hicho. Walisomeshwa mazungumzo mafupi ambamo mtu anaalikwa jambo na mwenzake anajibu neno moja la kukubali. Wanafunzi waliona jibu lenye nukta halitoki moyoni sana kama lile lisilo na nukta. Hawakuulizwa kama mwandishi amekasirika, na hakuna aliyempima mwandishi mwenyewe; kilichopimwa ni hisia ya msomaji. Tena mazungumzo yale yale yalipoonyeshwa yakiwa yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikubadilisha chochote.

Hapo kwenye karatasi ndipo penye siri. Katika barua nukta ina kazi: bila yake hujui sentensi imeishia wapi. Kwenye simu, kitendo cha kutuma ndicho kinachomaliza sentensi, kwa hiyo nukta inabaki haina kazi, na msomaji akiona kitu kisicho na kazi hukitafutia maana. Ndiyo sababu ujumbe wako wa asubuhi, Karani, una nukta tele na hakuna anayeziona, kwa kuwa zinatenganisha sentensi. Neno likiwa moja tu, nukta inasimama uchi. Lakini wale walikuwa vijana wa Marekani wanaoandikiana Kiingereza. Makarani wa Uganda waliofundishwa na walimu kama mimi, waliokuwa wakikata alama kwa kila nukta iliyosahauliwa, si lazima wasome hivyo, wala waandike hivyo.

Karani_wa_Mpakani

Shikamoo Mwalimu. Nimekusikia, lakini huyu si mtu wa nukta. Nimerudi nyuma kwenye maongezi yetu. Wiki iliyopita aliandika "sawa ndugu", kabla ya hapo "poa kaka", na mara nyingine "nimepata asante", zote bila nukta hata moja. Leo ndiyo imeanza. Kwa hiyo nukta hii ameileta kwa makusudi, na ameniletea mimi.

Mwalimu_Mstaafu_Lira

Marahaba. Hicho ulichofanya kina uzito kuliko utafiti wa Marekani. Nukta ya mtu anayeiweka kila siku haikuambii chochote. Ya mtu aliyebadilika ghafla inastahili kuulizwa. Nasema kuulizwa tu, sijasema kuhukumiwa.

Fundi_Simu_Kisenyi

Kabla hamjamhukumu nina swali la kiufundi. Je, alijibu kwa simu au kwa kompyuta? Kibodi nyingi za simu huweka nukta zenyewe ukigusa nafasi mara mbili. Mtu anaandika "Sawa", kidole kinateleza mara mbili kwenye nafasi, nukta inajiweka, anatuma bila kuiona. Herufi kubwa mwanzoni nayo simu huiweka yenyewe. Lakini kama alikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, nukta hiyo aliibonyeza kwa kidole chake.

Jambo la pili, unasema alikuchunia kutwa nzima. Umejuaje? Bonyeza ujumbe wako uushikilie, fungua taarifa zake, utaona nyakati mbili: ulipofikishwa na uliposomwa.

Karani_wa_Mpakani

Nimetazama. Ulifikishwa saa 4:12 asubuhi. Ulisomwa saa 10:38 jioni.

Kijana_wa_Ntinda

Umeona sasa! Alisoma na kujibu dakika ile ile. Hakukuchunia, mzee, alikuwa hajaufungua.

Fundi_Simu_Kisenyi

Taratibu, kijana. Tiki za buluu huonyesha maongezi yalipofunguliwa, hazionyeshi macho yalipopita. Angeweza kuusoma asubuhi juu kwenye taarifa za kioo, tiki zikabaki za kijivu mpaka jioni. Na hapo juu huonekana mwanzo wa ujumbe tu. Hebu tazama mwanzo wa ujumbe wako: umeamka salama, familia haijambo, mzigo umefika. Swali la kilo liko mwisho kabisa.

Mwalimu_Mstaafu_Lira

Fundi amegusa jambo linalonisumbua tangu nianze kusoma uzi huu. Ninyi nyote mmeshikwa na nukta, na mimi nashangaa neno lenyewe. Karani aliuliza "tutumie ipi", kilo 27,400 au 26,950, na "sawa" si jibu la "ipi", iwe na nukta au isiwe nayo. Ama amekubali kwenda kumuuliza mteja, na hapo jibu bado linakuja, ama ameona sehemu ya kwanza tu na kujibu kwamba mzigo umefika. Tena inawezekana ni uzito wa mzigo pamoja na vifungashio na uzito wa vigae vyenyewe, na mteja hahitajiki kuchagua. Mwandikie upya kwa mstari mmoja, swali likiwa mwanzo, salamu zifuate.

Kuhusu kuchelewa, tukiongea ana kwa ana "ndiyo" huja haraka na "hapana" hujivuta. Utafiti wa mwaka 2009 uliopima lugha kumi ulikuta pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni kama sehemu ya tano ya sekunde tu. Sikio lililozoea mwendo huo, likisubiri saa sita, linasikia "hapana" hata mtu akiwa kwenye mkutano.

Karani_wa_Mpakani

Mwalimu, nitamwandikia upya kwa ajili ya dereva, maana dereva hana kosa. Lakini sitaanza na swali kabla ya salamu. Mimi si mdai wa kodi ya nyumba. Na hata kama aliona mistari miwili tu, mistari hiyo ilimuuliza hali ya familia yake. Mtu akiuliza habari za watoto wako, unamjibu "Sawa."? Pamoja na nukta?

Mama_Hesabu_Jinja

Hapo kaka umesema kweli, ningekuwa mimi nisingemsalimia tena. Ila afadhali wewe umepata neno. Bosi wangu mimi huweka dole gumba. Nilimwandikia kwamba mama yangu amelazwa, naomba ruhusa ya siku mbili, akaweka dole gumba. Je, ni ruhusa, au amefurahi?

Kijana_wa_Ntinda

Dada, dole gumba ni ruhusa. Nenda.

Dereva_wa_Tororo

Si ruhusa hata kidogo. Mimi niliwekewa dole gumba nilipoomba pesa ya mafuta na mpaka leo haijaja. Dole gumba maana yake ni "nimeona".

Msomi_wa_Mbale

Kwetu mkuu wa idara hujibu "Imepokelewa." kwa kila kitu, yenye nukta, hata ukimtumia picha ya keki ya kumuaga mwenzetu. Sasa kwa maelezo ya Mwalimu huyo hajakasirika, kwa kuwa ndiyo desturi yake?

Mwalimu_Mstaafu_Lira

Siwezi kumsemea. Msikilize atakapobadilika.

Muuguzi_Zamu_Gulu

Ninyi mnaopata neno moja mshukuruni Mungu. Sisi zamu yetu ina mtu anayetuma ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya mazishi kueleza tu kwamba atachelewa kidogo, na ukweli wenyewe uko mwishoni. Nilizima tiki za buluu nisijulikane kama nimesoma, lakini akaja kuniuliza mbona nimesikiliza na sijajibu. Amejuaje?

Fundi_Simu_Kisenyi

Kuzima tiki hakufichi sauti, dada. Ukiisikiliza, kipaza sauti kidogo kando yake hugeuka buluu upande wake. Na kwenye kundi tiki huonekana vilevile, hata ukizizima.

Muuguzi_Zamu_Gulu

Kumbe! Basi hata zile za mkuu wa wodi amejua kwamba sijazisikiliza?