Mrejesho: wateja waliodhani wanachati na roboti

Niliuliza: "Nauza khanga WhatsApp. Wateja wananiuliza kama wanaongea na mashine. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana. Nimeuzima ule ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe, na sasa najibu swali kwanza. Zamani mtu akiuliza bei alipata: "Habari mpendwa!!! 🎉😍 Karibu sana! Tunafurahi kukuhudumia! 💃" Bei hakuna. Siku hizi naandika: "Za asubuhi dada. Ile ya bluu doti ni 15,000, ya njano imebaki moja. Nikuwekee?" Swali la roboti limekoma. Nadhani kilichosaidia zaidi ni kutaja kile kile alichokiulizia.

Ushauri wa kufuta emoji zote haukunifaa. Mteja wangu wa siku nyingi aliona "Sawa." akauliza kama nimemkasirikia. Kwa hiyo kwenye majibu mafupi nukta siweki, na mtu akituma 😂 namrudishia moja, basi.

Ujumbe wa usiku bado unajituma, ila nimeufupisha: "Tumefunga, nitakujibu saa mbili asubuhi."