Barua pepe kwa hoteli usizozijua: fupi au ndefu, na mada ya kuvuta macho au ya wazi?

Mrina Asali
Wakuu, tunauza asali ya Sikonge, Tabora, na tunatafuta hoteli za Arusha na Zanzibar. Tumeandika barua pepe za aina mbili. Ya kwanza ina mada "Swali fupi kwako" na maneno karibu 60. Ya pili ina mada "Asali ya Tabora, sampuli gramu 500" na maneno karibu 250, yenye bei na historia ya kikundi. Ya kwanza ilienda hoteli 60 za Arusha Jumatatu, ya pili hoteli 60 za Zanzibar Ijumaa. Ya kwanza imefunguliwa na asilimia 48 na kujibiwa mara 7. Ya pili asilimia 31, majibu 3. Wenzangu wanasema fupi imeshinda, tuache ndefu kabisa. Mnaonaje?

Kaka Masoko
Imeshinda, hakuna mjadala. Mtu asiyekujua hakupi dakika mbili. Mada iwe na fumbo ili afungue, na ndani uandike mistari mitatu. Bei, historia na picha vinasubiri akijibu. Pia mkuu, ondoa salamu ndefu. Kwenye simu, chini ya mada huonekana maneno ya mwanzo ya barua. Ukianza "Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya", nafasi hiyo yote imekwisha kabla hujataja asali.

Bibi Stoo
Kuhusu maneno ya mwanzo nakubaliana na Kaka Masoko, lakini si kuhusu fumbo. Anayenunua chakula cha hoteli mara nyingi husoma barua akiwa amesimama stoo, anapokea mboga, simu mkononi. Akiona "Swali fupi kwako" anadhani ni mgeni mwenye malalamiko au mteja wa ukumbi. Anafungua kwa wasiwasi, anakuta tangazo, na hapo umeshapoteza imani yake. Tena mengine kati ya hayo majibu 7 huenda ni "swali gani?" au "usituandikie tena". Mrina, hebu tuambie yalisemaje.

Salamu usiifute. Barua ya Kiswahili isiyo na salamu husomeka kama amri, na mkuu wa ununuzi mwenye umri ataikasirikia. "Habari za kazi, Meneja" yanatosha, kisha ingia kwenye asali papo hapo.

Mrina Asali
Nimeyarudia, Bibi. Katika yale 7, mawili yameuliza swali ni lipi, moja linataka tuwafute kwenye orodha, moja ni jibu la mashine kwamba mhusika yuko likizo. Matatu yameomba bei au sampuli. Ya Zanzibar yote matatu yameomba sampuli.

Karani wa Takwimu
Basi yenye maana ni 3 kwa 3, na ushindi wenyewe haupo. Hata yangebaki 7 kwa 3 bado yasingetosha. Kuna kipimo chepesi kisichohitaji programu, ikiwa makundi mawili yana idadi sawa na wanaojibu ni wachache. Jumlisha majibu ya pande zote, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa mbili. Tofauti kati ya makundi isipofikia hapo, ichukulie kuwa inaweza kutokea kwa bahati tu. 7 na 3 ni 10, kipeuo chake ni kama 3.2, mara mbili ni 6.4. Tofauti yenu ni 4.

Hizo asilimia za kufunguliwa ziachieni mbali. Programu huzihesabu kwa picha ndogo isiyoonekana inayopakuliwa barua inapofunguliwa. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple hupakua picha hizo yenyewe kwa kila aliyewasha kinga ya faragha, hata kama hajaisoma barua. Hoteli zenye mameneja wengi wa aifoni zitaonekana zimefungua sana. Hesabu majibu, na katika majibu hesabu yale tu yanayosogeza kazi: anayeomba sampuli, anayeuliza bei, anayekuelekeza kwa mwenzake.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hesabu. Mmebadilisha vitu vinne kwa mpigo: mada, urefu, mji na siku. Hoteli za Zanzibar si za Arusha, na Ijumaa mchana Zanzibar watu wako msikitini. Hamwezi kujua ni kipi kilichofanya nini.

Kaka Masoko
Nakubali kuhusu mji na siku. Lakini mada na urefu vinaweza kujaribiwa kama kifurushi kimoja, Karani. Mfanyabiashara anataka kujua barua ipi inaleta oda, si sababu yake.

Karani wa Takwimu
Hapo una hoja, na kwa orodha ndogo ni lazima iwe hivyo. Ili kutofautisha kwa uhakika wa kuridhisha barua inayojibiwa na asilimia 5 na ile ya asilimia 10, unahitaji watu kama 430 kila upande. Orodha ya Mrina ni 120. Kwa hiyo asijaribu neno moja dhidi ya jingine kwenye mada, atakuwa anapima upepo. Ajaribu barua mbili zilizo mbalimbali kabisa, na akubali kwamba tofauti kubwa tu ndiyo itakayoonekana.

Namna ya kugawa ni hii. Weka hoteli zote kwenye jedwali, mji katika safu moja. Kwenye safu tupu andika:

```
=RAND()
```

Nakili safu hiyo, ibandike palepale kama thamani tu, la sivyo namba zitabadilika kila ukigusa jedwali. Panga kwanza kwa mji, kisha kwa namba hizo, halafu andika A, B, A, B kushuka chini. Kila mji utagawanyika nusu kwa nusu. Tuma A na B siku ileile, saa ileile, 20 au 30 kwa siku, kila hoteli barua yake. Ukiwaweka wote kwenye nakala fiche, hutaweza kuwatumia barua mbili tofauti, na wengi huiona mara moja kuwa barua ya umati.

Bibi Stoo
Ongeza hapo: gawa kwa kampuni, si kwa hoteli. Hoteli tatu au nne zinaweza kuwa na ofisi moja ya ununuzi. Mtu mmoja akipokea A asubuhi na B dakika moja baadaye, jaribio limekufa na wewe umeonekana huna mpangilio.

Mwanafunzi wa Uzamili
Samahani wakuu, mimi natafuta msimamizi wa tasnifu nje ya nchi. Naandika ukurasa mzima kueleza utafiti wangu na sijibiwi. Kwa hiyo na mimi nijaribu A na B kwa maprofesa?

Karani wa Takwimu
Ndugu, hali yako ni nyingine. Maprofesa wanaofaa kwa mada yako labda ni 10, na jaribio halina kazi kwa idadi hiyo. Msome kila mmoja, taja kwenye mada jambo lake mahususi unalotaka kulifuata, na uliza swali moja linalojibika kwa sentensi moja, kama anapokea wanafunzi mwaka huu.

Bibi Stoo
Turudi kwa asali. Maneno 250 ni mengi kwa barua ya kwanza, ila ile ndefu ilikuwa na vitu ambavyo mnunuzi huvitafuta kweli. Historia ya kikundi si kimojawapo. Vinavyoamua ni vinne: alama ya TBS, risiti ya EFD, ujazo wa chombo na masharti ya malipo. Kimoja kikikosekana, mhasibu ataikataa hata kama mpishi ameipenda. Ningeiandika hivi:

*Mada: Asali ya Tabora, sampuli gramu 500*

*Habari za kazi, Meneja. Tunauza asali ya nyuki wakubwa kutoka Sikonge, imechujwa, unyevu chini ya asilimia 20, ina alama ya TBS. Ndoo ya lita 20 ina takriban kilo 28. Risiti ya EFD tunatoa, na malipo yanaweza kuwa siku 30 baada ya mzigo kufika. Je, tulete chupa ya gramu 500 Jumanne ijayo uionje pamoja na mpishi? Kama ununuzi wa chakula uko kwa mwenzako, tafadhali nielekeze kwake.*

Hapo ni maneno kama 65. Mada ina herufi 34 ukihesabu na nafasi, kwa hiyo simu nyingi zitaionyesha nzima. Swali ni moja, na linajibika kwa "ndiyo, saa nne". Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida zaidi, kwa sababu mara nyingi anuani uliyoipata ni ya mapokezi. Wala usiambatanishe kitabu cha picha cha megabaiti 8; kitume akikiomba.

Kaka Masoko
Fupi basi, kama nilivyosema.

Bibi Stoo
Fupi yenye ushahidi, kaka. Mistari mitatu yenye fumbo isingemwonyesha TBS wala EFD.

Karani wa Takwimu
Mrina, ifanye hiyo kuwa A. B iwe na mambo hayohayo pamoja na bei ya ndoo, gharama ya usafiri na jedwali la oda, maneno kama 180, mada ileile. Hapo unapima urefu na bei kama kifurushi kimoja, bila mada kuingilia. Asiyejibu mkumbushe mara moja baada ya siku tano za kazi, kwa kujibu juu ya barua yako ya kwanza, maneno sawa kwa A na B. Funga hesabu baada ya siku kumi za kazi, usichungulie siku ya tatu ukatangaza mshindi.

Angalia pia majibu ya mashine ya likizo. Kwa kawaida Jimeili haiyatumi kwa barua iliyoingia kwenye taka. Kundi moja likirudisha kadhaa na jingine lisirudishe hata moja, shuku kwamba barua hazifiki kikashani, na kagua kama kikoa chenu kina SPF na DKIM, yaani uthibitisho kwamba barua imetoka kwenu kweli. Tangu Februari 2024 Google imekaza masharti hayo kwa kila anayetuma kwenye Jimeili, si kwa watumaji wakubwa pekee.

Mrina Asali
Orodha mpya ni hoteli 140, kampuni 118. Nitagawa kwa kampuni. Ila bei kwenye B inanitia shaka. Nikiitaja, wengine watanilinganisha na asali ya dukani kabla hawajaonja.

Kaka Masoko
Usiitaje. Bei bila kuonja inaua.

Bibi Stoo
Mimi naona kinyume. Hoteli yenye bajeti iliyofungwa ikiona bei mapema itakukatalia mapema, nawe utakuwa umeokoa chupa ya sampuli na nauli ya boti. Majibu yatapungua, lakini wanaojibu watakuwa wanunuzi.

Karani wa Takwimu
Hilo halitaamuliwa na idadi ya majibu peke yake. Weka safu mbili zaidi kwenye jedwali: sampuli zilizopelekwa na ndoo zilizonunuliwa ndani ya siku 60. Kama A italeta majibu 12 na ndoo 2, na B majibu 7 na ndoo 5, mtakuwa na la kubishania, ingawa ndoo zikiwa chache hivyo kipimo cha kipeuo bado hakitatoa mshindi.