Tupeane uzoefu: kunyoosha tangazo la mkato bila kuua sauti ya aliyeandika

Mkalimani_Uyole
Kamwene wakuu. Uzi huu ni wa wale tunaopewa kazi ya kunyoosha matangazo ya watu kabla hayajabandikwa au kusomwa. Naanza na hili, la muuza parachichi:

"Oya wana vp, 2po 2kuyu apa, 2na parachichi za kisasa kreti 40, c zle za kienyeji. 1500 kl1. gar ya mby inatoka sa2 asb, ya 2 cna hkk. anaetk anichek mapma, cm nazma sa4 ucku. pa1 sn"

Hatua ya kwanza ni kulisoma kwa sauti, kalamu ikae chini. Mkato wetu huandikwa kwa sikio, kwa hiyo sikio ndilo linaloufungua. Kwenye 2po, 2na na hata 2kuyu, hiyo 2 ni "tu". Ikikaa baada ya "sa" ni saa mbili, ingawa imegandana na herufi. Kwenye "ya 2" ni "ya pili". Namba moja, kazi tatu, tangazo moja. Anayebadilisha kila 2 kuwa "tu" kwa mkupuo atapata gari inayotoka "satu asubuhi".

C ndiyo ya kuogopa zaidi. Isipofuatwa na h, siku zote ni "si", lakini kwenye cm (simu) na ucku (usiku) ni silabi ya kawaida, wakati kwenye "c zle" na "cna" ni kanusho. Ukidhani ni herufi iliyoponyoka ukaifuta, umemwambia mnunuzi kwamba mzigo ni wa kienyeji.

Kalamu ya Njombe
Mimi ningeandika hivi: "Habari zenu waungwana. Tupo Tukuyu, tunayo maparachichi ya kisasa, makreti 40. Gari la Mbeya litaondoka saa mbili asubuhi." Sarufi imenyooka, kila mtu ataelewa.

Mkalimani_Uyole
Kueleweka kunaeleweka, kaka, ila aliyeandika hayupo tena. "Wana" ni washkaji, si waungwana. Sokoni watu husema kreti 40, gari ya Mbeya, simu nazima. Hayo si makosa ya mkato, ndivyo anavyoongea. Kipimo changu: rudisha irabu zilizomezwa, weka nukta na mkato, kisha simama. Neno ambalo hakulitamka usimtamkie. Ninalogusa zaidi ni tahajia tu, kama "anaetaka" kuwa "anayetaka" na "apa" kuwa "hapa", maana masikioni tofauti ni ndogo.

Kalamu ya Njombe
Kwa "gari la" bado nabisha. Mengine nimekubali.

Bodaboda Mafinga
Samahani wadau, mnafupishaje ili iingie kwenye meseji moja? Yangu huvuka herufi 160 na nakatwa mbili.

Mkalimani_Uyole
Mdogo wangu, sisi tunarefusha, wewe unafupisha. Ila toa emoji kwanza: ikiingia hata moja, nafasi inashuka hadi 70.

Dada wa Ilula
Mmeruka "1500 kl1". Ni kilo moja au kila moja?

Mkalimani_Uyole
Dada, hapo ndipo pagumu, nilikuwa nakuja. Ingekuwa mchele ningesema kilo bila kusita. Ingekuwa ndoo, kila moja. Parachichi huuzwa kwa kilo na huuzwa kwa tunda, na muktadha hausaidii, kwa sababu kreti 40 ni wingi tu, hazisemi kipimo cha bei. Hapo hakuna kukisia. Unampigia kabla ya saa 4, au unaiacha "kl1" kama ilivyo na kuizungushia alama ya kuuliza. Nikinyoosha linakuwa hivi:

"Oya wana, vipi? Tupo Tukuyu hapa, tuna parachichi za kisasa kreti 40, si zile za kienyeji. 1500 kl1 (?). Gari ya Mbeya inatoka saa 2 asubuhi, ya pili sina hakika. Anayetaka anicheki mapema, simu nazima saa 4 usiku. Pamoja sana."

Dada wa Ilula
Afadhali hivyo. Kwenye kundi letu la ukoo iliingia "bb amelzw tngu jna". Baba, babu au bibi? Watu watatu walipigiwa simu, na mmoja wao alikuwa shambani anapalilia.

Kalamu ya Njombe
Na "nauza kreti 2" je? Kreti mbili, au nauza kreti tu, tupu, bila matunda?

Mkalimani_Uyole
Ndaga, umenibana. Kwa maandishi peke yake sioni njia ya kujua. Mwenye mbinu aiweke hapa.